Kilo 128 za hewa ni za nani?

Karatasi ya bei ilikuwa mezani na kidole chake kilikuwa juu ya namba 200.

"Mwanangu, katoni hizi nimezipima mwenyewe kwa mzani wa karafuu kabla hazijapanda boti. Katoni nane, kilo 72. Hizi kilo 128 nyingine umezitoa wapi?"

Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wasukaji wa ukili kutoka Pemba, na alikuwa amekuja Unguja na mzigo wake kwa sababu haamini mzigo unaosafiri peke yake. Mimi kazi yangu ni kutayarisha bei na hati za mizigo inayotoka hapa kwa ndege. Suali lake nimeulizwa mara nyingi na jibu lake nalijua. Lakini safari hii lilizaa suali la pili, na hilo la pili ndilo lililonikaa kichwani wiki kadhaa hadi nikaona niliandike.

## Utepe kabla ya mzani

Nilichukua utepe nikampa ashike ncha moja. Tukapima katoni ya kwanza kwa nje: urefu sentimita 60, upana 50, kimo 50. Kisha nikamwandikia hesabu ambayo mashirika ya ndege huitumia kwa mzigo wa kawaida:

```
urefu x upana x kimo / 6000 = kilo za ujazo
60 x 50 x 50 / 6000 = 25
```

Kwenye mzani katoni ile ina kilo 9, kwa ujazo ina kilo 25. Shirika hulinganisha namba hizo mbili na hutoza iliyo kubwa. Katoni nane mara 25 ni 200, na ndiyo iliyokuwa chini ya kidole chake.

Ile 6000 ina maana ya kwamba mzigo wenye mita moja ya ujazo hauwezi kutozwa chini ya kilo 167 hivi. Kila aina ya mzigo inaangukia upande mmoja wa mstari huo. Vikapu vya ukili vilivyofungwa kama vile vyake vina kilo 60 tu kwa kila mita hiyo, kwa hiyo viko mbali sana chini ya mstari, na kila anayevisafirisha atalipia nafasi, wala si uzito.

Akaniuliza kwa nini ndege ilipwe kwa kitu isichokibeba. Nikamwambia aifikirie Fuso iliyojazwa magunia ya sufi hadi juu. Haijafika hata robo ya uzito wake, lakini haina pa kuweka hata gunia moja la saruji, na dereva dizeli yake ni ile ile. Tumbo la ndege ya abiria ni hivyo hivyo, kwani baada ya kupakiwa masanduku ya abiria nafasi inayobaki ni ndogo, na mara nyingi hujaa kabla uzito haujafika.

Hilo alilikubali. Mfanyabiashara wa miaka mingi haelezwi mara mbili.

## Katoni iliyovimba

Kabla hatujaenda mbele, tulipima katoni zilizobaki, na hapo ndipo nataka nikae kidogo, maana pesa nyingi hupotea mahali hapa bila mtu kuona.

Katoni yake ya tatu ilikuwa imevimba. Vikapu vilikuwa vimeshindiliwa hadi mbavu za katoni zikatoka nje, na mfuniko ukainuka katikati. Mpimaji wa ghala la mizigo hapimi ukubwa ulioandikwa kiwandani kwenye katoni. Hupima pale palipotokeza zaidi, kwa kila upande. Utepe ulitoa 62 kwa 53 kwa 53, na ukizidisha na kugawa kwa 6000 unapata kilo 29 badala ya 25.

Sentimita tatu hapa, mbili pale, na katoni imeongezeka kilo 4 bila ya kutiwa ndani hata kikapu kimoja.

Kama katoni zote nane zingevimba hivyo, mzigo ungekwenda kwenye kilo 232 hivi. Hiyo ndiyo sababu bei iliyotolewa kwa simu, mteja akisoma vipimo vilivyochapishwa kwenye katoni, haifanani na bei inayotoka ghalani. Mteja hudhani ameibiwa, naye wakala hudhani mteja amemficha, kumbe wote wawili hawakuweka utepe juu ya katoni iliyokwisha fungwa.

Tukaifungua ile ya tatu. Vikapu vyake vilikuwa vimepangwa kimoja kimoja, mdomo juu, na ndani ya kila kikapu palikuwa na upepo mtupu. Tukaanza kupachika: kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa. Makawa ndiyo rahisi kuliko yote, kwa umbo lake la pia yanaingiana kumi kwa nafasi ya moja na kidogo. Mikoba yenye mishikio migumu ndiyo shida, na kuikunja haifai, kwa sababu ukili uliokauka ukikunjwa kwa nguvu huvunjika kwenye mkunjo na mteja wa Ulaya huurudisha. Ziko akili za kuulowesha kidogo ulainike. Mimi nazikataa, maana ukili wenye unyevu ndani ya katoni iliyofungwa plastiki hufika na ukungu.

Mwisho wa alasiri katoni zote nane zilikuwa na mbavu zilizonyooka. Zilibaki nane, kwa sababu zile zilizokuwa hazikujaa zilipokea vilivyotolewa kwenye zilizovimba. Kilo 200, basi, na hazikupungua tena.

Neno moja kuhusu mikeka, kwa wanaosafirisha. Mkeka uliokunjwa bomba hupimwa kama sanduku. Bomba la sentimita 180 lenye kipenyo cha 20 huhesabiwa 180 kwa 20 kwa 20, yaani kilo 12, ijapokuwa pembe nne za sanduku hilo ni tupu na mkeka wenyewe ni mwepesi. Mikeka minne ikikunjwa pamoja katika bomba moja nene hulipiwa nafuu kidogo kuliko mabomba manne membamba, kwa sababu tundu la katikati linakuwa moja badala ya manne.

## Sabuni zinaingia

Mnunuzi wa vikapu yuko Ujerumani, ana duka, na huyo huyo hununua sabuni za mwani kutoka kwa kikundi cha akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja. Wiki ile sabuni nazo zilikuwa tayari: katoni sita ndogo, sentimita 40 kwa 30 kwa 25, kila moja kilo 18.

Piga hesabu ya ujazo wa katoni moja ya sabuni. Ni kilo 5 tu. Mzani unasema 18. Sabuni ziko upande wa pili wa mstari, zina kilo 600 kwa mita ile ile ambayo vikapu vina 60.

Wengi hawajui kwamba shirika la ndege, kwa mzigo wa kawaida ulio ndani ya hati moja, halilinganishi katoni moja moja. Hujumlisha uzito wa katoni zote, hujumlisha ujazo wa katoni zote, kisha hulinganisha majumla hayo mawili.

Vikapu peke yake ni kilo 200 za kulipia, kwa ujazo. Sabuni peke yake ni kilo 108 za kulipia, kwa mzani. Hati mbili, jumla kilo 308.

Sasa viweke kwenye hati moja. Mzani: 72 na 108, jumla 180. Ujazo: 200 na 30, jumla 230. Kubwa ni 230.

Kilo 78 zimepotea, na hakuna aliyedanganya.

Zile kilo 128 za hewa alizoniuliza bibi yule hazikuwa za bure hata kidogo. Zilikuwa ni nafasi ya uzito ambayo kashailipia na haitumii, na sabuni zikaja zikakaa ndani yake.

Ili pesa zionekane, nitatumia bei isiyo na vipande: dola 3 kwa kilo katika daraja la kilo 100 kwenda juu. Bei halisi hubadilika kwa shirika na kwa msimu. Kwa hati mbili ni dola 600 za vikapu na 324 za sabuni, jumla 924. Kwa hati moja ni 690. Tofauti ni dola 234.

Lazima niseme mipaka yake. Mtumaji awe mmoja kwenye hati, na mpokeaji mmoja. Bidhaa zitozwe kwa bei ile ya kawaida, kwa sababu ukiingiza kitu chenye bei yake maalumu, kama samaki wabichi, hesabu yake hufanywa mbali. Na njia hii haiendi kila mahali. Baadhi ya kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5000 badala ya 6000, na hukokotoa kila katoni peke yake. Kwa kampuni ya namna hiyo, vikapu vyetu ni kilo 30 kila katoni, yaani 240, sabuni zinabaki 108, na jumla ni 348 hata ukizifunga kwa kamba moja. Kwa hiyo ukipewa bei, uliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei yenyewe: mnagawa kwa ngapi, na mnalinganisha kwa katoni au kwa mzigo mzima?

Jengine ni tozo za mafuta na za usalama. Mashirika mengine huzitoza kwa kilo za mzani na mengine kwa kilo za kulipia, na kwa mzigo mwepesi kama ukili tofauti hiyo si ndogo. Nayo iulizwe.

## Nani ameokoa zile 234?

Vikundi vyote viwili vilikubali hati moja siku hiyo hiyo. Ugomvi ulianza jioni, ilipofika zamu ya kugawana ile 690.

Mtunza hazina wa vikapu alisema tugawe kwa kilo za mzani, kama tunavyogawa nauli ya gari tukichukua magunia pamoja. Ni desturi, na kila mtu anaielewa. Tukapiga. Sabuni ni 108 kati ya 180, kwa hiyo zilipe dola 414, na vikapu vilipe 276.

Yule dada wa sabuni alinyamaza kidogo kisha akasema, "Peke yangu ningelipa 324. Nimekuja kusaidia, nimeongezewa 90."

Alikuwa sahihi kabisa. Mgawo unaomfanya mmoja alipe zaidi kuliko angesafirisha peke yake hauwezi kuitwa ushirika.

Basi tugawe kwa ujazo, akasema yeye, kwa sababu shirika lenyewe limetutoza kwa ujazo. Sabuni ni 30 kati ya 230, zilipe dola 90. Vikapu vilipe 600.

Sasa aliyenyamaza ni bibi. Mia sita ndiyo bei ileile aliyoikuta kwenye karatasi asubuhi. Katoa nafasi yake, katoa hati yake, na hakupata hata senti.

"Kwa hivyo mimi hewa yangu ndiyo inayombeba mwenzangu, na mimi nalipa nzima?"

Nilikaa na hesabu mbili zile mbele yangu, kila moja imetoka kwenye kipimo cha kweli, kimoja cha mzani na kimoja cha utepe, na kila moja inampa mtu mmoja faida yote, ya kwanza hata na zaidi. Nimezoea kuamini kwamba kipimo kikiwa sahihi mgawo nao utakuwa sahihi. Hapa vipimo havikuwa na kosa hata kimoja.

Nilichokuja kukiona, baada ya siku kadhaa za kulizungusha, ni kwamba ile 234 haimo ndani ya vikapu wala ndani ya sabuni. Ondoa vikapu, haipo. Ondoa sabuni, haipo. Kuigawa kwa kilo za upande wowote ni kujifanya kwamba upande huo ndio ulioizaa.

Kwa hiyo niliwapelekea njia mbili, zote zikianza na swali moja: kila mmoja angelipa ngapi peke yake?

Ya kwanza, kila mmoja apunguziwe kwa uwiano wa bei yake ya peke yake. Vikapu vishuke kutoka 600 hadi 448, sabuni kutoka 324 hadi 242. Ya pili, ile 234 ikatwe katikati, kila mmoja apunguziwe 117. Vikapu vilipe 483, sabuni 207.

Moyo wangu ulikuwa kwenye ya pili, na niliwaambia kwa nini. Ya kwanza inampa zaidi yule mwenye mzigo mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa, hali kila mmoja alihitajika sawasawa ili ile pesa ipatikane. Mtunza hazina wa vikapu hakukubaliana nami. Alisema mwenye kilo 200 kaweka zaidi kwenye hatari: mzigo ukizuiwa, wake ndio mkubwa.

Hoja ya hatari ni ya haki, ila inakata pande zote mbili. Dada wa sabuni alikumbusha kwamba hati ikiwa moja, karatasi moja ya mwenzio ikikosekana mzigo wote unabaki ghalani, zikiwemo sabuni zisizo na kosa. Na kipindi cha masika, ukili unapochelewa kukauka, yeye ndiye atakayengoja, hali mteja wake anamhesabia siku.

Wakamalizia kwa nusu kwa nusu. Bibi ndiye aliyeamua, kwa kusema kwamba hesabu asiyoweza kuieleza kwa wenzake barazani haitii sahihi.

## Anayekusanya kimya kimya

Ni lazima nilitaje na hili, maana ndilo lililonifanya nisitulie.

Mawakala hufanya jambo hili kila siku. Anachukua vikapu kwa huyu, anamtoza kilo 200. Anachukua sabuni kwa yule, anamtoza kilo 108. Anavitia vyote ndani ya hati yake moja kuu, analipa shirika kilo 230, na tofauti ni yake. Hiyo ni biashara halali, ndiyo kazi ya mkusanyaji mizigo duniani kote, na kuna wiki vikapu vinakuja na sabuni haziji, akabaki na hasara ya nafasi. Simlaumu kwa faida.

Ninachokikataa ni karatasi ya bei yenye namba moja. "Kilo 200, dola 600." Mwenye mzigo akiona 200 peke yake hajui kama imetoka kwenye mzani au kwenye utepe, hawezi kujua kama ana hewa ya kumgawia mwenzake, na hawezi hata kuuliza. Karatasi zangu sasa zina mistari mitatu kwa kila mzigo: kilo za mzani, kilo za ujazo pamoja na kigawanyo chake, na kilo za kulipia. Mwenye mzani mdogo kuliko ujazo anajua atafute mzigo mzito. Mwenye kinyume chake anajua atafute mwepesi. Mwenzangu mmoja wa kazi aliniambia nawafungua macho wateja wataniacha. Huenda. Ila bibi yule alitoka hapa akaenda moja kwa moja kutafuta wa kushirikiana naye safari ijayo, na mzigo ule utapita tena mikononi mwangu.

## Katoni ya kumi

Dada wa sabuni naye alirudi na suali zuri. Kama kila katoni yake inaingia kwa kilo 5 badala ya 18, kwa nini asilete thelathini?

Kwa sababu hewa ya vikapu ina mwisho. Kila katoni ya sabuni huongeza kilo 18 kwenye mzani na 5 kwenye ujazo, kwa hiyo mzani unaukimbilia ujazo kwa kilo 13 kila mara. Pengo lilikuwa 128. Gawa kwa 13, unapata kama 9 na sehemu. Zikiwa tisa, mzani unasoma 234 na ujazo 245, bado tunalipia ujazo. Zikiwa kumi, mzani ni 252 na ujazo 250, umeshaupita. Kuanzia ya kumi na moja, kila katoni inalipiwa kilo zake 18 kamili, kana kwamba vikapu havipo.

Kwa safari hiyo ya pili yeye alikuwa na kumi na mbili, na vikapu vilikuwa katoni nane kama mwanzo. Mzani 288, ujazo 260. Kwa dola 3 ni 864.

Lakini hapo inaingia ngazi ya bei. Mashirika hushusha bei ya kilo kila unapofika daraja: 45, 100, 300, 500. Tuseme daraja la 300 ni dola 2.60. Kilo 300 kwa bei hiyo ni 780, na mzigo wa kilo 288 unaruhusiwa kuandikwa 300 ukalipa bei ya chini. Kwa bei hizi, mzigo wowote unaozidi kilo 260 ni bora uandikwe 300. Kila hati iliyo karibu na daraja ni lazima ipigwe mara mbili, na wakala asiyeipiga anamtoa mteja dola 84 mfukoni bila mtu kufaidika isipokuwa shirika.

Tukaweka 780. Peke yao wangelipa 600 na 648. Wameokoa 468, nusu kwa nusu ni 234 kila mmoja, vikapu 366 na sabuni 414. Wote wakafurahi.

Kisha nikaona kwamba tumelipia 300 na tunatumia 288. Katoni moja zaidi ya vikapu ingepandisha mzani hadi 297 na ujazo hadi 285. Vyote viko chini ya 300. Nauli haibadiliki hata senti moja. Nikampigia simu bibi.

"Shikamoo bibi. Unayo katoni ya tisa?"

"Marahaba mwanangu. Ninayo, inakuja na boti ya kesho. Naongeza ngapi?"

Nikapiga hesabu kwa kanuni waliyotia sahihi. Peke yake, vikapu vyenye katoni tisa ni kilo 225, dola 675. Jumla ya peke yao inakuwa 1,323, akiba inakuwa 543, nusu yake ni 271 na nusu. Vikapu vilipe 403 na nusu badala ya 366. Sabuni zilipe 376 na nusu badala ya 414.

Shirika halimtozi kitu kwa katoni ya tisa. Kanuni yetu inamtoza dola 37 na nusu, na inazitia kwenye mfuko wa mwenzake ambaye hakuongeza chochote.

Nimewaita wote wawili Jumamosi, kabla ya boti ya mchana, na nimewaandikia hesabu zote mbili. Pendekezo langu ni kwamba mgawo ufungwe kwa mzigo uliokubaliwa siku ya kutoa bei, na chochote kinachojaza nafasi iliyokwisha kulipiwa kiende bure kwa yule aliyekileta, wakipokezana zamu. Mtunza hazina wa vikapu tayari ameunga mkono. Dada wa sabuni ameomba apewe usiku mmoja, na ana haki, kwa sababu zile kilo 12 zilizobaki zilitokana na sabuni zake kuufikisha mzigo kwenye daraja la 300.